Kurefuka ukiwa mtu mzima: inawezekana ama ni kuliwa pesa tu?

Kevo wa Kayole: Niko miaka 22, urefu fiti 5 inchi 2 na nusu, na usajili wa jeshi wanataka 5 na 3. Kuna jamaa ananiuzia vidonge 4,500 kwa mwezi, anasema miezi mitatu naongeza inchi mbili. Jimu nao wananiambia nining'inie. Na hiyo operesheni ya kurefusha mifupa ni ya ukweli?

Dullah Pangani: Ning'inia bro, usidanganywe. Mimi hupima asubuhi nikitoka kitandani napata sentimita moja na nusu zaidi ya ile nilikuwa nayo jioni, na hiyo ni kunyoosha mgongo tu.

Nyambura, fiziotherapia: Dullah umepima poa lakini sababu umekosea. Hata mtu hajawahi kugusa chuma cha jimu asubuhi ni mrefu kuliko jioni. Zile diski katikati ya pingili za mgongo hunyonya maji ukilala, halafu ukisimama uzito unazikamua tena, na sehemu kubwa inapotea masaa ya kwanza tu baada ya kuamka. Kuning'inia kunafanya hivyo hivyo, ukishuka unatembea kidogo umerudi pale pale. Wanaanga hurefuka wakiwa huko juu, wakirudi duniani inaisha.

Mzee wa Afya Asili: Msiharibie watu biashara. Binamu yangu alitumia hizo dawa akiwa 16 akaongeza inchi tatu, tuko na picha.

Mama Tasha: Wa 16 angeongeza hata kwa sukuma na ugali, wangu amepita mlango na hajameza chochote 😂

Nyambura, fiziotherapia: Haswa. Mfupa hurefuka kwenye gegedu iliyo karibu na ncha zake, na gegedu hiyo ikishageuka mfupa hakuna kalsiamu wala zinki itaifungua. Kwa 22 karibu kila mwanaume imeshafunga, na eksirei ya goti inaonyesha wazi kama kuna ule mstari mweusi ama hakuna. Kinachonitisha ni kidonge ama sindano ikiwa kweli na homoni ya ukuaji, kwa sababu mtu mzima harefuki nayo, anapanuka taya, viganja na nyayo, na hiyo hairudi.

Otis Rongai: Operesheni ni ya ukweli, mimi nilifanyiwa. Boda ilinivunja mguu ukapona ukiwa mfupi, wakakata mfupa tena wakanifunga vile vyuma vya duara vya yule daktari Mrusi, Ilizarov. Unangoja kama wiki, halafu unapewa spana unazungusha nati robo, mara nne kwa siku, jumla milimita moja. Sai natembea sawa, so Kevo usiogope.

Nyambura, fiziotherapia: Otis nakupa pole na hongera, lakini wewe ulirudishiwa mguu uliopoteza. Kevo miguu yote miwili ni mizima. Tuseme anataka sentimita 5: siku 50 za kuzungusha, baadaye miezi kadhaa mfupa mpya ukikomaa ndio akanyage bila wasiwasi. Ukienda polepole sana mfupa unajifunga kabla hujafika, ukikimbia pengo linabaki bila mfupa. Na mfupa hata si ndio shida kubwa, ni nyama na neva ambazo hazijui kurefuka kwa spidi hiyo. Kano ya kisigino inakaza mpaka mtu anatembea kwa vidole, na ukiona kidole gumba hakiinuki juu hiyo ni neva inavutwa, unapunguza spidi ama unasimama siku hiyo hiyo, hungoji kliniki ya wiki ijayo.

Otis Rongai: Hapo kwa kisigino ni kweli, nililia kwa mazoezi kuliko kwa operesheni. Na usaha kwa pini ulinisumbua kila mara.

Mama Tasha: Mimi sioni ubaya mtu mzima akiamua, pesa yake mwili wake, mbona wa kupunguza tumbo hatuwaulizi?

Nyambura, fiziotherapia: Dada, akiwa na pesa na mwaka mzima wa kukaa chini, aamue. Ya kuingia jeshi ndio sielewi, unaenda kukimbia na mzigo mgongoni na mifupa iliyokatwa mwaka jana? Kevo, ulipima saa ngapi?

Kevo wa Kayole: Jioni, nimetoka mjengo kubeba simiti, na tepu ya fundi kwa ukuta.

Nyambura, fiziotherapia: Basi pima tena ukiamka, bila viatu, visigino kwa ukuta, mtu akuwekee kitabu bapa kichwani apige alama. Umepungukiwa na kama sentimita 1.3, hiyo ni tofauti ya asubuhi na jioni kabisa. Siku ya usajili usibebe kitu, na ukiweza panga laini ya mapema.

Dullah Pangani: So kumbe mgongo ndio utamsaidia, si nilisema!

Mzee wa Afya Asili: Akikosa arudi tuongee bei.