Yah: Naanzaje barua ya Kijerumani kama sijui ni bwana au bibi?

Kutoka: Rehema, Bremen

Habari zenu ndugu zangu,

Naomba msaada, muda wenyewe unanibana. Natafuta nafasi ya mafunzo ya uuguzi kwenye makao ya wazee na maombi yanafungwa Ijumaa ijayo. Tangazo linasema nitume kwa "K. Janssen", basi. Jina la kwanza halikuandikwa, wala hakuna "Frau" au "Herr". Shuleni Tanga tulifundishwa kwamba barua rasmi ya Kiingereza inaanza "Dear Sir", kwa hiyo rasimu yangu nimeianza "Sehr geehrter Herr,". Jirani yangu wa Kipolandi ameisoma akacheka, ila na yeye hakuweza kuniambia niweke nini. Mtandaoni nimeona wengine wanaandika "Sehr geehrte/r Frau/Herr Janssen". Hiyo vipi?

Kutoka: Kelvin, Leicester

Rehema, usijiumize kichwa. Huku Uingereza kama hujui jina unaandika "Dear Sir or Madam" na chini unamaliza "Yours faithfully". Ukilijua jina, unamaliza "Yours sincerely". Wajerumani nao wana ya kwao, "Sehr geehrte Damen und Herren". Ibandike kwenye kila barua. Kumbuka tu kubadilisha na maneno ya mwisho, maana nadhani nao wana jozi zao kama Waingereza.

Kutoka: Mama Zawadi, Dortmund

Afadhali umelileta hili, maana hawa watu wamenichosha. Mwaka wa pili huu bima ya afya inaniandikia "Sehr geehrter Herr"! Nina watoto watatu, kadi yao ina picha yangu nimejifunga kilemba, bado mimi ni bwana. Mnafanyaje?

Kutoka: Mzee Salim, Hamburg

Wasalaam wote.

Rehema binti yangu, rasimu yako imechekesha kwa sababu "Herr" haisimami peke yake kwenye barua. Ni lazima ifuatwe na jina la ukoo. Ukiiacha hivyo, msomaji anaona sentensi iliyokatika, kama vile ulisahau kumalizia. Ile yenye mikwaju ya "geehrte/r Frau/Herr" haina kosa la sarufi, lakini inafanana na fomu ambayo mtu hakuijaza. Iache.

Kelvin amepatia nusu. Kwanza, Wajerumani hawana jozi za mwisho. Umjue mtu usimjue, "Mit freundlichen Grüßen" inatosha, na haifuatwi na mkato. Pili, "Sehr geehrte Damen und Herren" ni sahihi kabisa pale ambapo kweli hujui nani ataifungua barua: ofisi ya serikali, anwani ya info@, idara ya malalamiko. Kwa Rehema mambo ni tofauti kwa sababu tangazo limetaja jina. Mwenye kupokea maombi akikuta "Damen und Herren" ilhali jina lake liko kwenye tangazo, anahisi barua hiyohiyo imetumwa kwa waajiri kumi wengine. Hatakutupa kwa hilo tu, lakini umeanza vibaya bila sababu.

Fanya hivi. Piga simu mapokezi ya hayo makao kesho asubuhi. Usiulize kama K. Janssen ni mwanamume au mwanamke, utajiona vibaya na wao watashangaa. Sema tu:

"Guten Tag, ich möchte eine Bewerbung an K. Janssen schicken. Wie ist der volle Name, bitte?"

Halafu sikiliza vizuri jibu, hata kama hawatakupa jina la kwanza. Mjerumani hawezi kumzungumzia mtu sentensi mbili bila kumtaja kwa jinsia. Atasema "die Kollegin" au "der Kollege", au "sie ist im Urlaub", au "er ruft Sie zurück". Hapo umeshapata ulichokuwa unakitafuta bila kukiuliza.

Simu isipopokelewa, ingia kwenye tovuti yao utafute ukurasa wa wafanyakazi. Chini kabisa utakuta na neno "Impressum". Tovuti za biashara huku zinalazimika kisheria kuwa nayo, na humo hutajwa mtu anayeliwakilisha shirika. Ila angalia: huyo mara nyingi ni mkurugenzi. Usije ukaacha kumwandikia K. Janssen ukamwandikia mkurugenzi eti kwa sababu jina lake umelipata lote.

Ukikosa kote, andika "Guten Tag K. Janssen,". Ni heshima ya kutosha na haimkosei mtu.

Mama Zawadi, swali lako ni la upande wa pili, lakini lina dawa. Chini ya barua, ukishaandika jina lako, ongeza "(Frau)" kwenye mabano. Huo ni utaratibu unaojulikana hapa na hakuna atakayekushangaa. Kwa bima, waandikie wabadilishe kile kipengele kinachoitwa "Anrede" kwenye kumbukumbu zao. Ukimlalamikia mtu wa simu bila kutaja neno hilo, anaomba radhi, kompyuta inaendelea na "Herr" wake.

Kutoka: Baraka, Munich

Shikamoo Mzee Salim. Nadandia hapohapo. Kampuni inayosimamia jengo letu imenijibu kuhusu hita iliyoharibika, na chini imesainiwa "i. A. Schmidt". Kwa fomula yako basi nawaandikia "Guten Tag I. A. Schmidt,"? Na huyo I anaweza kuwa Ingrid au Ingo, sivyo?

Kutoka: Mzee Salim, Hamburg

Marahaba Baraka. Hapana, mwanangu! Hiyo "i. A." si herufi za jina lake. Maana yake ametia saini kwa niaba ya kampuni. Utakutana pia na "i. V.", naye ni mwenye mamlaka makubwa kidogo ya kusaini. Zote mbili hazihusu jina. Kwa hiyo ulichonacho ni Schmidt pekee.

Na hapo ndipo fomula yangu inapokoma. "Guten Tag K. Janssen" inakubalika kwa sababu kuna herufi ya jina la kwanza mbele. "Guten Tag Schmidt" ni sauti ya sajini kwa askari wake. Ukiwa na jina la ukoo tu na huwezi kujua zaidi, rudi kwa "Sehr geehrte Damen und Herren,".

Lakini kabla ya hapo itazame tena barua yao, sehemu ya juu upande wa kulia. Mara nyingi kuna kijisanduku chenye tarehe, simu, na aliyeshughulikia shauri lako, na mara nyingi ameandikwa kwa "Frau" au "Herr". Ofisi za serikali ndizo hasa hufanya hivyo. Hapohapo utaona namba ya jalada. Iweke kwenye mstari wa mada ya barua pepe yako, iandikwe vilevile, na mikwaju yake na nukta zake. Salamu ikikosewa hita yako itatengenezwa, lakini namba ikikosekana barua inaweza kuzunguka ofisini wiki nzima.

Kutoka: Asha, Berlin

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, mimi "Damen und Herren" nimeiacha. Tangu Desemba 2018 sheria ya Ujerumani inaruhusu mtu kuandikishwa "divers", yaani si mwanamume wala mwanamke, na ndiyo maana matangazo ya kazi yana "(m/w/d)". Mwanzoni mwa 2019 jiji la Hannover likawashauri watumishi wake watumie salamu zisizotaja jinsia, "Guten Tag" na nyinginezo. Chuoni kwetu maprofesa wenyewe wanaandika "Guten Tag" au "Hallo zusammen". Mimi naandika "Guten Tag," na mkato, kisha naendelea. Tena inamfaa mtu kama Baraka: haihitaji jina wala jinsia.

Kutoka: Mzee Salim, Hamburg

Marahaba Asha. Chuoni sawa. Lakini mkuu wa makao ya wazee aliyebakiza miaka miwili astaafu anaweza kuiona "Guten Tag," tupu kama salamu ya dukani. Ushauri wa Hannover uliwahusu watumishi wa jiji, raia hawakulazimishwa. Mimi ombi la kazi sitaliweka kwenye jaribio hilo.

Kutoka: Asha, Berlin

Na mkuu wa makao mwenye miaka thelathini ataiona "Sehr geehrte" ya mwaka gani? Humjui aliye upande wa pili, mzee. Ndiyo mada yenyewe.

Kutoka: Hamisi, Malmö

Njooni Uswidi. Huku ni "Hej," kwa daktari, kwa benki, kwa ofisi ya kodi. Waliachana na vyeo kwenye miaka ya 1960 na dunia haikuanguka. Tatizo ni mtu akitoka hapa kumwandikia Mjerumani. Bosi wangu anaanza "Hallo!" kisha anashangaa kwa nini hajibiwi.

Kutoka: Kelvin, Leicester

Swali la nyongeza. Nikipata jina zima, si naangalia tu jina la kwanza? Andrea ni mwanamke, nimemaliza.

Kutoka: Mzee Salim, Hamburg

Kwa Mjerumani, Andrea ni mwanamke. Kwa Mwitaliano, Andrea ni mwanamume, na Simone hivyohivyo. Nusu ya wakuu wa jikoni ninaowajua hapa Hamburg ni Waitaliano. Kim na Toni wanaweza kuwa yeyote. Ukiwa na jina zima lakini una shaka, liandike lote: "Guten Tag Andrea Rossi,". Shaka inabaki kwako, yeye haioni.

Kutoka: Rehema, Bremen

Shikamoo Mzee Salim, na asanteni nyote. Nimepiga simu. Dada wa mapokezi hakunipa jina la kwanza, lakini amesema "die Kollegin ist erst am Mittwoch wieder da". Nilisikia "Kollegin" nikakaribia kupiga kigelegele simuni. Baadaye nikaiona tovuti yao: ameandikwa "Dr. K. Janssen". Sasa nimeanza hivi:

Sehr geehrte Frau Janssen,

Hiermit bewerbe ich mich um einen Ausbildungsplatz zur Pflegefachfrau.

Hiyo Dr. niiache au niiweke? Tangazo halina.

Kutoka: Mama Zawadi, Dortmund

Iweke mwanangu, alisomea.

Kutoka: Mzee Salim, Hamburg

Mama Zawadi amesema kweli. "Sehr geehrte Frau Dr. Janssen," na "Frau" ibaki mbele ya cheo. Shahada nyingine ambazo mtu huzipanga nyuma ya jina lake, usizitie kwenye salamu.

Jambo moja zaidi: baada ya mkato wa salamu, sentensi inayofuata huanza kwa herufi ndogo, "hiermit", kwa sababu kwao salamu na sentensi ni kitu kimoja. Ukiona umeandika ndogo na programu ya Word imekurudishia kubwa, bonyeza Ctrl+Z mara moja tu papo hapo, itaiacha.