MREJESHO: nilipunguza deni kwa hela ya korosho

Nilichouliza: "Nimekopa 3,000,000 miezi 24, riba 1.5% kwa mwezi kwenye salio, rejesho 149,772. Nimeshalipa mara 6, nina laki 5 ya korosho hapa Newala, nikiiweka nitapunguza nini?"

Jamani nimerudi. Nilikaa na ile ratiba, safu ya riba mwezi wa kwanza 45,000 na msingi 104,772, kumbe riba inapigwa kwenye salio lililobaki ndo maana kila mwezi inashuka kidogo. Baada ya rejesho la 6 salio lilikuwa kama 2,347,300.

Basi nikaweka laki 5, ratiba mpya ikatoka na salio lilelile! Walikuwa wameihesabu kama marejesho ya mbele, yani hela imekaa tu inasubiri miezi ijayo huku riba inaenda kama kawaida. Nikarudi kwa afisa mikopo nikamwambia kaka hii ipunguze msingi, na rejesho libaki lilelile maana ukilishusha miezi haipungui na riba unaokoa kidogo. Akanijazisha fomu.

Sasa salio 1,847,300, riba ya mwezi wa 7 ni 27,710 badala ya 35,210. Miezi iliyobaki imetoka 18 ikawa 14, ule wa mwisho kama 111,000 tu, na riba yote imepungua karibu 137,700.

Wenye mkopo wa riba ya flati hesabu yenu siyo hii, riba yenu imeshapigwa kwenye mkopo wote toka siku ya kwanza.