Naomba ushauri: kitabu cha kurasa 312, siku 9, nisome vipi kwa kasi na nielewe?

Tarehe Imekaribia
Wakuu, heshima kwenu. Ninaongoza kitengo cha mipango kazini, na nimekabidhiwa kitabu kinachoeleza kwa nini miradi huchelewa na kuzidi bajeti. Kina kurasa 312 na sura 11, na baada ya siku 9 ninatakiwa niwe nimekimaliza. Muda nilio nao ni dakika 40 kila usiku, watoto wakishalala, na mara nyingi nikifika ukurasa wa 20 ninagundua kwamba sikumbuki ukurasa wa 10 ulisema nini, kwa hiyo ninarudi nyuma. Nimejipima kwa saa na kupata kwamba ninasoma maneno 210 hivi kwa dakika. Nimeona kozi inayoahidi maneno 1,000 kwa dakika ndani ya wiki moja, na ninaelekea kujiandikisha. Je, kuna aliyewahi kuifanya kozi ya namna hiyo?

Kurasa Mia
Jiandikishe bila kusita. Mimi nilijifunza kufuata mstari kwa kidole na kuinyamazisha ile sauti inayosoma kichwani, na sasa ninasoma maneno 900 kwa dakika. Sauti hiyo ndiyo inayokuchelewesha, kwa maana hakuna mdomo unaoweza kukimbizana na jicho.

Tabasamu
Mimi husoma jalada la mbele, kisha jalada la nyuma. Yaliyo katikati namwachia mwandishi, maana yeye tayari anayajua.

Bi Maktaba
Ndugu mleta mada, kabla ya kozi, nijibu swali moja: unasoma kitabu hicho ili ufanye nini? Anayetaka kukijua chote, anayetafuta jibu moja na anayetaka kukipinga husoma kwa namna tatu tofauti, wala hakuna kasi moja inayowafaa wote.

Kwako Kurasa Mia, kidole kinasaidia macho yasipotee mstari, hilo nalikubali. Hata hivyo, jicho halitelezi juu ya mstari kama unavyodhani. Hutua kwa karibu robo ya sekunde, likaona kwa uwazi herufi chache tu, kisha likaruka. Sauti ya ndani nayo ukiizima kwenye maandishi mepesi hutapoteza kitu kikubwa, lakini kwenye hoja nzito uelewa hushuka. Chukua sura moja ngumu, isome kwa maneno yako 900, ufunge kitabu, kisha uandike hoja yake kwa sentensi mbili. Halafu urudi utuambie.

Tarehe Imekaribia
Asante sana Bi Maktaba. Ninasoma ili niwe na uelewa mpana wa mada, kwa sababu inahusu kazi yangu.

Sauti ya Jioni
Suala hili lilinikuta mimi mwenyewe. Niliwahi kuingia kwenye kikao nikiwa nimesoma muhtasari tu wa ripoti ya kurasa 60. Nilizungumza vizuri kwa dakika tano, hadi mtu akauliza kuhusu kiambatisho ambacho takwimu zake zilipingana na muhtasari huohuo. Tangu siku hiyo ninasoma kila neno, hata kama itanilazimu kukesha. Ushauri wangu ni kwamba ulale mapema, uamke alfajiri, usome ukiwa na akili iliyopumzika.

Bi Maktaba
Ndugu Sauti, kosa lako halikuwa kupitia juujuu, bali kupitia bila swali. Ungeingia ukijiuliza takwimu za muhtasari zimetoka wapi, swali hilo lingekupeleka kwenye kiambatisho ndani ya dakika kumi, bila kukesha.

Mleta mada, “uelewa mpana” si jibu. Siku ya 9 kuna nini?

Tarehe Imekaribia
Sawa, nitasema. Siku ya 9 nitawaeleza wakurugenzi kwa dakika kumi kama mbinu ya kitabu hiki inafaa kutumika katika idara yetu. Mbinu yenyewe ni kukadiria muda wa mradi mpya kwa kuangalia miradi iliyopita inayofanana nao, badala ya kujumlisha hatua zake moja moja. Nami nilishamwambia mkuu wangu kwamba nimekisoma kitabu na kwamba ninaiunga mkono mbinu hiyo. Sikusema uongo mtupu, kwa kuwa nilikuwa nimesoma utangulizi na maoni mawili ya wasomaji, na yote yalikisifu. Ndiyo maana ninahitaji kasi: niyathibitishe niliyoyasema.

Mzee wa Hekima
Kijana, njia ya mwongo ni fupi. Ungeanza kwa kumwomba mkuu wako radhi, halafu ndipo ufungue kitabu.

Mashaka Mengi
Naomba tusimame kidogo, kwa sababu nimepiga hesabu na sijaridhika. Tuseme kurasa 41 za mwisho ni tanbihi na faharasa, kama ilivyo kwa vitabu vingi vya aina hii. Zinabaki kurasa 271. Kwa maneno 300 kila ukurasa, ni maneno 81,300. Ukigawa kwa 210 unapata dakika 387. Mleta mada ana siku 9 za dakika 40, yaani dakika 360. Amepungukiwa na dakika 27 tu! Mtu wa namna hiyo hana haja ya maneno 1,000 kwa dakika. Akaunti yake imefunguliwa juzi, na ujumbe wake wa kwanza unataja kozi. Wakuu, hadithi hii imetungwa ili tuuziwe kozi.

Tabasamu
Nami nilishangaa, kozi bila jina! Jina litaletwa na akaunti ya pili kesho asubuhi.

Tarehe Imekaribia
Siuzi kozi, na jina lake sitalitaja popote. Akaunti ni mpya kwa sababu mkuu wangu anaifahamu ile ya zamani. Kuhusu hesabu, nakiri kwamba sikuwahi kuipiga. Tanbihi na faharasa zinaanzia ukurasa wa 273, hivyo umekisia karibu sana. Ila umesahau nilivyosema: ninarudi nyuma. Usiku tatu zimeisha na bado niko sura ya pili, kwa sababu kila usiku ninaanza tena sura ya kwanza. Sasa zimebaki siku 6.

Mashaka Mengi
Basi una dakika 240. Hapo hesabu inaeleweka, ingawa mimi bado ninakuangalia.

Bi Maktaba
Hapa ndipo tatizo lilipo, na si la macho. Unarudi nyuma kwa sababu unaanza kila ukurasa bila kujua unatafuta nini, kwa hiyo kila sentensi inaonekana na uzito sawa na jirani yake. Mwaka 1946 mwanasaikolojia wa Marekani, Francis Robinson, alipendekeza mpangilio ambao bado unatumika: pitia kwanza, jiulize maswali, soma, jisemee kwa kumbukumbu, kisha rudia. Aliwakusudia wanafunzi, nasi wafanyakazi tunaweza kuufupisha.

Usiku wa leo usisome sura yoyote. Tumia dakika 25 kuangalia yaliyomo, kisha kurasa za mwisho za utangulizi, ambako mara nyingi mwandishi hueleza kila sura inafanya kazi gani. Soma hitimisho lote, pole pole. Halafu fungua faharasa uone ni maneno gani yana kurasa nyingi kuliko mengine, maana hapo mwandishi anajisaliti: utaona anachokirudia, hata kama yaliyomo hayakitaji. Dakika 15 zilizobaki, andika maswali matatu au manne. Usiandike “Sura ya 5 inasema nini?” Andika swali ambalo jibu lake laweza kukuangusha mbele ya wakurugenzi: ushahidi wake umetoka kwenye miradi ya aina gani? Mbinu inahitaji nini ambacho sisi hatuna? Ilishindwa wapi?

Kesho pitia sura zote kwa kusoma aya ya kwanza na ya mwisho ya kila sura, na sentensi ya kwanza ya kila aya iliyo katikati. Unapokutana na “hata hivyo”, “isipokuwa”, jedwali, au jibu la mojawapo ya maswali yako, weka alama na uendelee. Sura zenye alama nyingi ndizo utakazosoma neno kwa neno katika usiku zinazofuata. Tahadhari moja: wapo waandishi wanaoanza kila sura kwa kisa kirefu, na kwao sentensi za mwanzo hazisemi kitu. Ukiona aya tatu mfululizo zinasimulia tu, ruka hadi mahali kisa kinapoisha, maana hoja hukaa hapo.

Kurasa Mia
Yaani hayo yote bila kuongeza kasi hata kidogo?

Bi Maktaba
Kasi ya jicho inabaki ileile; kinachopungua ni kurasa unazozisoma kikamilifu. Marc Brysbaert alikusanya tafiti nyingi mwaka 2019 na kupata wastani wa maneno 238 kwa dakika kwa mtu mzima anayesoma maandishi yasiyo ya kubuni kwa Kiingereza. Mleta mada hayuko mbali na hapo. Kwa Kiswahili namba hiyo hailinganishiki moja kwa moja, maana “nitakapokisoma” ni neno moja lililobeba mzigo wa maneno mengi.

Ila njia hii ina mipaka. Mleta mada anaifahamu miradi, kwa hiyo akiruka aya anaweza kukisia iliyomo. Angekuwa mgeni kabisa katika fani, kupitia juujuu kungempa hisia ya kuelewa bila kuelewa kwenyewe. Mkataba nao haupitiwi juujuu, kwa sababu neno moja laweza kugeuza kifungu kizima.

Sauti ya Jioni
Nami nitaijaribu kwenye ripoti, ijapokuwa kiambatisho nitaendelea kukisoma chote.

Tarehe Imekaribia
Wakuu, nimerudi baada ya usiku tatu. Wa kwanza nilifuata maelekezo, na faharasa ilinishangaza: neno “kumbukumbu za miradi” lilikuwa na kurasa 19, ilhali halimo katika kichwa cha sura yoyote. Wa pili nilipitia sura zote kwa dakika 70, nikazidisha muda kwa nusu saa kwa sababu sura ya 4 ni visa vitupu. Alama nyingi ziliangukia sura ya 7 na ya 9. Jana nilisoma ya 7 neno kwa neno, nikafunga kitabu na kujisemea. Mara ya kwanza nilitoa vichwa vya habari tu. Nikaisoma tena sehemu ya katikati, na mara ya pili nilisema hivi: ushahidi mwingi ni wa ujenzi mkubwa, na mbinu haifanyi kazi bila kumbukumbu za muda halisi wa miradi iliyopita, si muda uliopangwa.

Sisi tunahifadhi muda uliopangwa tu.

Mzee wa Hekima
Ndiyo nikasema uombe radhi mapema.

Tarehe Imekaribia
Mzee wangu, bado ninaamini mbinu ni nzuri, na nisingependa kurudi nyuma kwa neno nililokwisha kulitoa. Huenda sura ya 9 inaeleza namna ya kuanza bila kumbukumbu hizo; niliiwekea alama mbili hapo. Nitaisoma leo usiku. Kozi sijajiandikisha, lakini ukurasa wake bado sijaufunga.

Bi Maktaba
Unapoisoma, ongeza swali hili kwenye orodha yako: ni nini katika sura hii kingenifanya nibadili msimamo? Ukiingia ukitafuta cha kukuunga mkono tu, utakipata, kwa kasi yoyote ile.

Kurasa Mia
Nimefanya ule mtihani wa sentensi mbili. Nilipata moja na nusu. Nitaurudia kwa sura nyingine, kwa sababu ile ilikuwa na majedwali.