Faili la stoku limeshikwa TENA, ripoti ya asubuhi imekufa mara ya nne ndani ya wiki mbili, nimechoka jamani

mpika_ripoti
Wakuu leo sijaja na utani. Kazi yangu ni ripoti ya stoku ya kila asubuhi, nimeiseti vizuri kabisa kwenye Task Scheduler, saa 11 na nusu alfajiri kompyuta inafungua Excel yenyewe, inarifreshi kwery, inasevu, inafunga, bosi akifika saa 2 anakuta namba zimeiva. Kwa miezi ilikuwa inatembea, nikawa nalala usingizi wa mtu asiye na deni. Sasa hivi kuna mheshimiwa mmoja huko ghalani anafungua lile faili mama lililoko kwenye foda ya seva, anaingiza mizigo yake, halafu jioni anazima skrini na kwenda zake nyumbani. Skrini tu! Excel iko wazi usiku kucha imelikumbatia faili kama mtoto na mdoli. Saa 11 na nusu kwery yangu inafika inakuta mlango una mtu:

```
DataSource.Error: The process cannot access the file
'\\seva\ghala\stoku.xlsx' because it is being used by another process.
```

Na uchungu wenyewe hauko hata kwenye hiyo eror. Skripti yangu nilishaizimisha ujumbe wote ili isisimame katikati kusubiri mtu abonye OK, kwa hiyo rifreshi ikifeli jedwali linabaki na namba za jana, skripti inasevu kama kawaida, na bosi anapokea ripoti yenye tarehe ya leo juu na mzigo wa jana chini. Juzi kaidhinisha oda ya bidhaa ambayo ilishaingia tangu mchana wa siku iliyotangulia. Nani kaitwa ofisini? Mimi. Nimejaribu kufungua faili kwa mkono nione nani kalishika, naambiwa "locked for editing by 'User'". Sawa, User ni nani? Ofisi nzima ni User!! Kompyuta zote zilisetiwa na mtu mmoja hakubadilisha jina hata moja.

kibogoyo_74
Sijakuelewa mkuu, unasema faili limefungwa usiku kucha, sasa kama limefungwa si ndo vizuri? Mi nilidhani shida inakuja likiwa wazi.

mpika_ripoti
Limefungwa kwa maana ya LIMESHIKWA, limepigwa loku. Yaani liko wazi kwake na limefungwa kwangu. Kiswahili nacho leo kimeamua kunimaliza.

kibogoyo_74
Aaah. Basi mwambie alifunge lifunguke 😂

dada_wa_akaunti
Pole sana ndugu yangu, ila dawa yako ni nyepesi. Lifungue faili, nenda Save As, pale kwenye Tools kuna General Options, weka tiki kwenye Read-only recommended. Mtu akilifungua litamuuliza kama anataka kusoma tu, akikubali hashiki kitu. Sisi tulifanya hivyo na kelele zikaisha.

mzee_wa_seva
Dada, hiyo inakusaidia kwa wale wanaochungulia tu, na kwa kweli ni wengi, kuna watu wanafungua shiti kuangalia namba moja wanaliacha wazi siku tatu. Lakini huyu wa ghalani anaingiza data. Akiulizwa atabonya No, atalifungua kwa kuandika, na loku iko palepale. Kwake yeye hujatibu.

Mleta mada, kwanza achana na hilo jina la User, hilo linatoka kwenye mipangilio ya Excel ya kila mashine, mtu anaweza akaandika hata Sultani. Seva ndiyo inajua ukweli maana inajua nani ka-login na mashine gani inashikilia. Kama una haki za admini fungua PowerShell kwenye seva yenyewe, siyo kwenye mashine yako:

```
Get-SmbOpenFile | Where-Object Path -like "*stoku.xlsx" |
  Select-Object ClientUserName, ClientComputerName, FileId
```

Utaona jina la akaunti na mashine. Ukiona faili limeshikwa na mashine ambayo mtu wake anaapa alishafunga, mwambie aangalie Task Manager, mara nyingi kuna EXCEL.EXE imebaki nyuma haina dirisha ila bado inashika. Hata hiyo skripti yako ikifeli katikati inaweza ikaacha mzimu wa namna hiyo, kwa hiyo usimhukumu wa ghalani kabla hujajikagua.

fundi_wa_kesho
Si kuna Close-SmbOpenFile? Panga saa 11 na dakika 25 ikate loku zote, saa 11 na nusu unarifreshi. Kwisha kazi.

mzee_wa_seva
Kijana utafukuzisha mtu kazi. Ukikata kwenye seva Excel ya yule bwana haijui kama imekatwa, asubuhi anarudi anaendelea kuandika, akija kusevu ndo inaanza vurugu, na kama alikuwa hajasevu tangu jana mchana unaweza ukamwagia kazi yake yote. Hiyo ni ya dharura, unaikata ukiwa umeshaongea na mwenye nayo kwenye simu. Siyo ya kuweka kwenye ratiba ikate watu usingizini.

msomi_pasipo_cheti
Mi hapa nawashangaa. Nina faili limefunguliwa sasa hivi kwenye mashine yangu, na kwery kwenye kitabu kingine inalisoma vizuri tu bila eror. Mtoa mada ana shida yake binafsi.

mzee_wa_seva
Na wewe uko sahihi na yeye yuko sahihi. Anayesoma anaweza akawa mvumilivu, akamkuta mwandishi ndani akasoma tu, au akawa wa masharti, akitaka asiwepo mwandishi hata mmoja. Inategemea programu inaombaje ruhusa na yule wa kwanza kaacha mlango kiasi gani, ndo maana kwako inapita na kwake pale seva inagoma. Ila angalia kitu kimoja: andika namba mpya kwenye hilo faili lako, USISEVU, halafu rifreshi. Haitaonekana. Kwery inasoma kilichoko kwenye diski, haioni kilichoko kwenye skrini yako.

msomi_pasipo_cheti
Nimejaribu. Haijaonekana. Nanyamaza.

mzee_wa_seva
Sasa mleta mada, mimi ningefanya hivi. Usiiache kwery iguse faili la ghalani kabisa. Dakika kumi kabla ya rifreshi piga nakala ulete kwenye foda lako, kwery isome nakala. Excel ikiwa imeshika faili mara nyingi bado inakubali mtu kulikopi, jaribu hata kwa mkono utaona.

```
robocopy \\seva\ghala D:\nakala stoku.xlsx /R:5 /W:60
echo %errorlevel% >> D:\logi\nakala.txt
```

Hizo /R na /W usizisahau. Ukiziacha, robocopy ikikwama inarudia mara milioni moja na kusubiri sekunde 30 kila mara, piga hesabu mwenyewe, ni karibu mwaka mzima, na Task Scheduler itakuonyesha tu Running. Hapa itajaribu mara tano kwa kupishana dakika moja, ikishindwa inaacha.

Halafu namba inayorudi usiisome kama programu zingine. 1 maana yake imekopi vizuri, watu wakiona 0x1 kwenye Task Scheduler wanadhani imefeli wanaanza kuvunja kitu kizima. 8 na kuendelea ndo kuna kilichoshindikana. Na 0 maana yake hakuna kilichokopiwa kwa sababu lililoko seva na nakala yako ni lilelile. Kwenye kesi yako hiyo 0 ndo ya kuiogopa, inakwambia tangu nakala ya jana hakuna mtu aliyesevu. Hapo skripti isipeleke ripoti kwa bosi, ikutumie wewe ujumbe.

hesabu_na_mimi
Samahani kuingilia, robocopy kwangu iligoma na ERROR 32 faili likiwa wazi, ikabidi nitumie Copy-Item ndo ikapita. Sijui kwa nini, zote si zinakopi?

mzee_wa_seva
Inatokea. Nimeona seva moja inakubali nyingine inakataa na sijapata sababu moja ya kuishikilia. Jaribu faili likiwa limefunguliwa kweli na mtu mwingine kwenye mashine nyingine, usijaribu ukiwa umelifungua wewe.

hamisha_hamisha
Mi nilihamisha kila kitu SharePoint, watu watano wanaandika pamoja, habari za loku nimezisahau. Nikaja kukutana na jini jingine, AutoSave. Mtu alitaka kuandika 1200, kafika 12 simu ikaita, akabonya Enter ili arudi baadaye, rifreshi ikapita muda huohuo, ripoti ikasema tuna maboksi 12. Kwa hiyo chagueni ugonjwa.

dada_wa_akaunti
😂😂 sisi hilo lilitupata kwenye mishahara.

mpika_ripoti
Mzee nakushukuru mno. Nimerudi na ripoti ya kwangu mwenyewe. Ile amri ya seva imeonyesha mashine mbili, moja ya ghalani kama nilivyosema, na ya pili... ni hii hii ninayorifreshia. Kulikuwa na EXCEL.EXE tatu nyuma, mabaki ya skripti zilizofeli. Zile skripti mbovu za awali nilikuwa najaribu kufungua faili mama lenyewe badala ya kulisoma kwa kwery. Kwa hiyo kati ya zile asubuhi nne sijui ngapi ni za bwana ghala na ngapi nilijifungia mwenyewe, na nilishamtumia meseji kali juzi.

Robocopy kwangu imekubali. Usiku wa kwanza imerudisha 1, namba zimetoka safi. Usiku wa pili 1.

kibogoyo_74
Umemwomba msamaha?

mpika_ripoti
Nilikuwa nimepanga leo asubuhi. Nimefika nafungua logi naona 0. Tarehe ya faili kule seva ni juzi saa 10 jioni, na jana nimemwona kwa macho yangu anapokea mzigo wa lori zima. Ameandika yote, hajasevu hata mara moja. Nashuka ghalani sasa hivi, msamaha utasubiri.