Mrejesho: Moyo wa mama baada ya "dawa nyekundu"

Niliuliza: "Mama ana saratani ya matiti. Baada ya dozi nne za doksorubisini, ile dawa nyekundu ya saratani, kipimo cha moyo cha eko kinaonyesha nguvu ya kusukuma damu imeshuka kutoka asilimia 62 hadi 48, ingawa hajisikii vibaya. Je, matibabu yasimame?"

Nawashukuru mlionijibu. Daktari wa moyo alianza kwa kurudia kipimo kwenye mashine ileile ya awali, kwa sababu wapimaji wawili wanaweza kutofautiana kwa pointi kadhaa bila moyo wenyewe kubadilika. Safari hii ilisomeka 49, kwa hiyo ikathibitika kwamba nguvu ya moyo kusukuma damu imepungua kwa zaidi ya pointi 10 na kuwa chini ya 50.

Alikokotoa pia jumla ya dawa: miligramu 60 kwa kila mita mraba ya mwili, mara nne, ni 240. Kiasi hicho kiko chini ya 400, ambapo hatari hupanda kwa kasi, lakini mama ana shinikizo la damu la miaka mingi, jambo ambalo mimi, kwa uzembe wangu, sikulitaja hapa.

Trastuzumabu, dawa nyingine ya saratani iliyokuwa ifuate, ambayo nayo inaweza kudhoofisha moyo, iliahirishwa, naye mama akaanzishiwa dawa za moyo, enalaprili na kavediloli, kwa dozi ndogo zilizoongezwa taratibu. Baada ya wiki sita eko ilisoma 55, na trastuzumabu ikaanza. Sasa atapimwa kila baada ya miezi mitatu.