Uzi: Mazungumzo ya kibanda cha matunda, Kiswahili na Kiingereza, darasa la nne Malindi

Mwl_Barani: Walimu wenzangu, salaam. Nimeandika mazungumzo ya muuzaji na mnunuzi, mistari 20, Kiswahili kushoto na Kiingereza kulia. Wanafunzi ni 42, kipindi dakika 35. Wanayasoma kama wanaokariri, macho hayatoki kwenye karatasi. Na mmoja akauliza kwa nini "nipunguzie" isiwe "reduce me". Nirekebishe wapi?

Bi_Kisima: Mwalimu, hiyo mistari 20 ipunguze hadi 9, muuzaji tano na mnunuzi nne. Mwanafunzi anayeanza hushika sentensi nne au tano akaweza kuinua macho. Kisha usiandike Kiswahili ukakifasiri. Jiulize muuzaji hapo anataka kufanya nini, halafu kila lugha iseme kwa desturi yake. Kwa mfano:

Muuzaji: Karibu, mama. / Good morning. Can I help you?
Mnunuzi: Embe moja shilingi ngapi? / How much is one mango?
Muuzaji: Arobaini. / Forty shillings.
Mnunuzi: Nipunguzie kidogo. / Can you make it thirty?
Muuzaji: Haya, lete thelathini. / All right, thirty.
Mnunuzi: Nipe tano. / Five, please.
Muuzaji: Mia na hamsini. / That's a hundred and fifty.
Mnunuzi: Shika mia mbili. / Here you are.
Muuzaji: Chenji yako hamsini, ahsante. / Fifty shillings change. Thank you.

Tazama "shika". Ukimwachia mtoto afasiri, ataandika kwa Kiingereza kitu cha kumwambia mtu akamate. "Karibu" nayo vivyo hivyo: Mwingereza wa dukani hakukaribishi, anauliza akusaidie nini. Ama "nipe", kwa Kiswahili cha sokoni haina ukali wowote, lakini kwa Kiingereza amri tupu inakwaruza, ndiyo maana nimeweka neno la adabu mwishoni. "Shikamoo" pia usiilazimishie tafsiri. Mtoto akimwamkia mzee kwa Kiswahili aitumie, upande wa pili salamu ya asubuhi inatosha.

Mzee_wa_Ngowe: Mimi huwafundisha Kiswahili Waitaliano wa hapa Malindi. Shida yao ni "thelathini" na "themanini", wanalipa 80 badala ya 30! Waandikie tarakimu kubwa kwenye kibao.

Mwl_Barani: Ahsante mzee, lakini hawa wangu ni watoto wa hapa wanaojifunza Kiingereza.

Bi_Kisima: Mzee hakukosea sana. Kwa watoto wetu mtego uko upande wa pili: 13 na 30, 14 na 40, 15 na 50 kwa Kiingereza zinafanana sikioni, tofauti iko kwenye mkazo. Mara ya kwanza tumia 30 na 40 tu. Wakishazoea, leta 13 na 30 makusudi. Dalili ya kukosea utaiona kwenye chenji, maana hesabu haitafunga.

Fundi_Lugha: Mimi nasema yote yana tiba moja: usiwape karatasi ya lugha mbili kabisa. Waseme Kiingereza tu.

Bi_Kisima: Nusu ya hilo ni kweli. Karatasi yenye lugha zote mbele ya macho huwafanya wasome ile rahisi. Lakini ukiiondoa tangu mwanzo, anayekwama hana pa kushika. Chapa Kiingereza mbele, Kiswahili nyuma. Siku ya tatu ondoa karatasi, mpe muuzaji kadi ya bei, mpe mnunuzi kadi ya pesa aliyo nayo na anachotaka. Mnunuzi haijui bei, kwa hiyo ni lazima aulize kweli. Kinachowafanya wakariri ni kwamba kila mmoja tayari anajua jibu la mwenzake.

Kwa 42 hao, jozi 21, zote ziseme kwa wakati mmoja. Ukiita jozi moja moja mbele, kipindi kitaisha wengine wakiwa hawajafungua kinywa.

Mwl_Barani: Na matunda mengine? Nimeweka ndizi na mapapai.

Fundi_Lugha: Tumia ya ngeli moja kwanza: chungwa, nanasi, papai, embe. "Haya yameiva", ukibadilisha tunda sentensi haibadiliki. Ukitia ndizi, inakuwa "hizi zimeiva" na mtoto anachanganya. Na ni "maembe haya", si "embe hizi".

Bi_Kisima: Ngeli moja, naam. Lakini kibandani utasikia "embe hizi" kutwa, na mwenye kuuza embe aina ya ngowe hatakuelewa unamsahihisha nini.

Fundi_Lugha: Kwenye karatasi ya darasa iandikwe sanifu.

Mtu_wa_Amu: Kwetu Amu mtoto atasema "ndoo" badala ya "njoo". Mwalimu amkatishe mazungumzo kwa hilo?

Bi_Kisima: Asimkatishe. Hapo anapimwa kununua. Hilo la embe, Mwl_Barani, anza na machungwa, uliepuke kwanza.