Sufuria ya alumini imeungua chini: ndimu, bekin soda, majivu au stilwaya, ipi haili chuma?

Mama Rehema, Arua
Habari zenu wapendwa. Nina sufuria kubwa ya alumini, ile nzito ya kumimina, ya kupikia wateja kibandani. Maharage yamekauka maji juu ya sigiri na chini kumebaki ukoko mweusi mgumu sana, kijiko hakiingii. Nimeuliza hapa sokoni kila mtu na dawa yake: mmoja anasema ndimu, mwingine bekin soda, jirani anasema majivu na mchanga kama zamani, na kijana wa duka ananiuzia stilwaya. Mimi sitaki tu itoke, nataka sufuria ibaki nzima maana ni ya bei. Nani amelinganisha hizi vitu?

Hajati wa Bombo
Mama Rehema pole. Bekin soda ndio mwisho wa mambo, mwaga vijiko vingi, weka maji, chemsha halafu iache ilale humo mpaka asubuhi, ukoko unatoka wenyewe. Mimi nyumbani situmii kitu kingine.

Okello wa Lira
Hapo kabla ya kupika pakaza udongo au sabuni ya kipande nje ya sufuria, yote, mpaka kwenye mikono. Ukimaliza kupika masizi yanatoka na maji tu. Sisi tunapikia kuni na sufuria zetu zinang'aa.

Mama Rehema, Arua
Okello asante kaka lakini yangu imeungua ndani, siyo masizi ya nje. Hajati, soda yako sufuria haibadiliki rangi?

Hajati wa Bombo
Inakuwa nyeusi nyeusi kidogo ndani lakini si uchafu ule.

Fundi wa Katwe
Hajati amesema nusu ya kweli na ile nusu nyingine ndiyo inayoleta sufuria kwangu. Sisi hapa Katwe tunamimina hizi sufuria, tunaziba zilizotoboka, kwa hiyo nazijua tumboni. Alumini ina ngozi nyembamba sana juu yake ambayo hata huioni na ndiyo inailinda. Vitu vya jamii ya magadi vinaila hiyo ngozi, halafu vinaanza kula chuma chenyewe. Bekin soda ni mpole katika hiyo jamii, lakini ukiichemsha inazidi kuwa kali na ukiilaza usiku kucha ndipo unapata huo weusi. Magadi yenyewe, yale tunayolainishia maharage, ni makali zaidi. Na kostiki soda ya kuzibulia mabomba usiikaribishe kabisa kwenye alumini, utaona inachemka bila moto, inatoa moshi na joto, na ule moshi una gesi inayoshika moto. Pia dawa ya kung'arishia nguo nyeupe usiweke, inatoboa vishimo vidogo vidogo.

Sasa Mama Rehema fanya hivi. Sufuria kama bado ya moto usimwagie maji baridi, ya kumimina inaweza kupasuka na ile nyembamba ya bati inabinuka chini halafu haikai tena sawa kwenye sigiri. Ngoja ipoe. Toa maharage ya juu bila kukwangua. Weka maji yapite ukoko vidole viwili, tia kijiko kimoja au viwili vya sabuni ya maji, rudisha kwenye moto mdogo ichemke taratibu dakika kama 20. Maharage ni wanga na protini, yakinywa maji ya moto yanavimba na yanaachia. Usichoke, mwaga hayo maji yakiwa machafu, weka mengine, chemsha tena, halafu funika ikae usiku. Maji ya sabuni ya kawaida hata yakilala hayana shida. Asubuhi sukuma kwa mwiko wa mbao, usitumie kisu. Sehemu kubwa itatoka vipande vipande.

Kinachobaki ni vidoa vyembamba vilivyoshikana na chuma. Hapo ndipo bekin soda ina kazi: ichanganye na maji kidogo iwe uji mzito, paka pale pale palipo doa, acha robo saa, sugua na kitambaa au ganda la mahindi, suuza. Si kuichemsha.

Mama Rehema, Arua
Asante sana ssebo. Na ndimu je? Mbona wengi wanaisifu?

Fundi wa Katwe
Ndimu haitoi ukoko mnene, watu wanachanganya. Kazi yake ni kuondoa ule weusi unaobaki baada ya soda au baada ya kuchemshia maji siku nyingi. Kila lita moja ya maji kamulia ndimu mbili, chemsha dakika 10, utaona weusi unaondoka na sufuria inarudi nyeupe. Mwaga, suuza. Usiache ilale humo, asidi nayo inakula alumini, tofauti ni kwamba inakwenda polepole.

Yusufu wa Kisenyi
Nyanya na siki pia zinafanya hivyo. Ukipika nyanya kwenye sufuria nyeusi inatoka imeng'aa, na ule weusi unaenda kwenye mchuzi. Kwa hiyo ndimu kwanza, kupika baadaye.

Bi Zubeda, Kasese
Kwetu huku tunatumia ukwaju badala ya ndimu, ni sawa tu. Ila mimi nasimama na majivu. Bibi yangu alisugulia majivu makavu na kitambaa chenye maji na sufuria zake zimedumu mpaka wajukuu tunazitumia. Hiyo magadi mnayosema ni makali inakuwaje majivu yasiwe na shida?

Fundi wa Katwe
Dada Zubeda majivu ya kuni yakikaa na maji yanakuwa kama magadi, ndiyo maana yanakata mafuta. Bibi alisugua haraka akasuuza, muda ni mfupi, na zile sufuria zilikuwa nzito. Mchanga ndio sikubali, unachora mistari na kesho chakula kinashika kwenye hiyo mistari.

Bi Zubeda, Kasese
Mchanga sawa nakubali. Majivu hapana, bado sijashawishika, nimeona stilwaya inachora kuliko majivu.

Yusufu wa Kisenyi
Stilwaya ile laini ukiipitisha kwa mkono mwepesi na sabuni nyingi, ukifuata upande mmoja, si mbaya kwa sufuria ya kumimina. Ile nene ya waya uliosokotwa iache. Kwa sufuria nyembamba ya bati mimi sigusi hata laini.

Okello wa Lira
Na posho ikiungua?

Fundi wa Katwe
Posho ni rahisi zaidi. Ukoko wa posho mara nyingi ukiuanika juani sufuria ikiwa tupu unakauka, unajikunja na kubanduka wenyewe pembeni, kisha unavuta kwa mkono. Usiukaushe kwa kuweka sufuria tupu juu ya moto mkali, alumini inayeyuka kwa nyuzi 660 na mkaa unaopepewa unaweza kufika huko na kupita, bati jembamba linalegea kabla.

Mama Rehema, Arua
Nimerudi. Nimechemsha mara tatu na sabuni, imelala usiku, asubuhi ukoko umetoka karibu wote kwa mwiko. Kimebaki kidoa kimoja katikati, nikipitisha kucha juu yake ni laini ila kwa pembeni kuna vishimo viwili vidogo vyenye unga mweupe. Hivyo ni vya kuungua?

Fundi wa Katwe
Unga mweupe kwenye vishimo si ukoko, hapo chuma kimeshaliwa. Mara nyingi ni maji ya chumvi au chakula chenye chumvi kilicholala humo. Ndimu haitarudisha. Sugua unga utoke, kausha vizuri, weka maji uone kama inavuja, kisha kila siku usiache chakula kilale kwenye hiyo sufuria. Ikivuja iletwe izibwe kabla tundu halijapanuka.

Hajati wa Bombo
Basi leo jioni naichemshia ya kwangu ndimu, nione weusi ule unatoka au la.